Kopo Liko Wapi Sasa?

Ile sindano hulia kama stepla. Dada yangu aliisikia mara nne asubuhi ile ya Alhamisi, amelala chali katika chumba cha upasuaji mdogo, titi la kushoto limeshapigwa ganzi. Kila ilipolia aliufinya mkono wangu, si kwa maumivu bali kwa mshtuko. Daktari alitoa vinyama vinne, kila kimoja chembamba kama njiti ya kiberiti, akavitumbukiza kwenye kopo dogo la plastiki lenye maji maangavu yenye harufu ya kuchoma pua. Muuguzi akabandika karatasi yenye jina na namba. "Mama, njoo baada ya wiki mbili," daktari akasema, akamwita mgonjwa anayefuata.

Tulitoka hospitalini tukiwa na bandeji, panado na wiki mbili tupu mbele yetu.

Usiku wa kwanza dada alilala vizuri, pengine kwa uchovu. Usiku wa pili nilimkuta saa nane amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umemulikwa na simu. Alikuwa ameshasoma habari za wanawake watano waliokufa. Alikuwa ameshahesabu miaka ya mwanawe mdogo na kuona kwamba hatakuwapo atakapomaliza darasa la saba. Nilijaribu kumwambia asiwaze mabaya, naye akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto. Kisha akauliza swali lililonikaa kichwani hadi asubuhi: "Hivi lile kopo liko wapi sasa?"

Sikujua. Nilidhani liko kwenye mashine fulani inayolipima, na kwamba kupima kwenyewe ndiko kunakochukua wiki mbili. Asubuhi nilirudi hospitalini, nikamwomba mtaalamu mmoja wa maabara anieleze. Alinieleza kwa dakika ishirini, amesimama mlangoni na glavu mkononi, na maelezo yale yalimsaidia dada yangu kuliko pole zote tulizopewa mwezi ule. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Maji yale ni fomalini. Kinyama kikishatoka mwilini huanza kuoza mara moja, na kazi ya fomalini ni kukigandisha kibaki kama kilivyokuwa. Haiingii ndani papo hapo. Hata kinyama chembamba kama cha dada huhitaji angalau saa sita, na kipande kikubwa kilichotolewa kwa upasuaji huhitaji siku nzima au zaidi. Kuharakisha hapa ni kuharibu kila kinachofuata. Fomalini ikiwa kidogo, ndani ya kinyama huoza huku nje kumeganda, ndiyo sababu maabara husisitiza iwe nyingi, karibu mara kumi ya ukubwa wa kinyama.

Kopo la dada lilipanda basi la usiku kwenda Dar es Salaam siku ya Ijumaa, pamoja na makopo ya wagonjwa wengine, kwa kuwa hospitali yetu haikuwa na daktari wa patholojia. Madaktari hawa, ambao kazi yao ni kusoma maradhi kwenye tishu, ni wachache katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki. Jumamosi kinyama kiliingizwa kwenye mashine inayokiosha usiku kucha kwa alkoholi, kwanza nyepesi kisha kali zaidi na zaidi, mpaka maji yote yatoke. Halafu zailini huondoa alkoholi, na nta iliyoyeyushwa kwa joto la kama nyuzi 60 huingia mahali maji yalipokuwa. Asubuhi kinyama kinakuwa ndani ya mche mdogo wa nta, mgumu kama kipande cha mshumaa.

Mche ule hufungwa kwenye kikatio maalumu, na fundi huukata vipande vyenye unene wa mikroni tatu au nne. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama mikroni saba, kwa hiyo kipande kile ni chembamba kuliko chembe ya damu. Hukatika kama utepe, hukunjuliwa juu ya beseni la maji ya uvuguvugu, kisha huopolewa kwa kioo. Mpaka hapo hakionekani kitu, kwa kuwa tishu haina rangi. Hutiwa rangi mbili. Moja ni hematoksilini, inayotokana na gogo la mti wa Amerika ya Kati, nayo hupaka viini vya seli rangi ya buluu na zambarau. Nyingine ni eosini, inayopaka sehemu zilizobaki rangi ya waridi. Ndipo kioo kinapowekwa chini ya hadubini.

Ukijumlisha hatua hizo zote, ni kazi ya siku mbili tatu. Nilimuuliza yule mtaalamu, basi wiki mbili zinatoka wapi? Akacheka kidogo akasema, "Dada yangu, foleni haiko kwenye mashine. Iko mezani kwa daktari." Vioo hupangwa kwenye trei, trei hupangwa juu ya trei, na daktari mmoja huvisoma kimoja kimoja kwa macho yake. Hakuna mashine inayotoa namba na kusema ndiyo au hapana. Akiona jambo lisiloeleweka huomba mche ukatwe kwa kina zaidi, au kipande kitiwe rangi nyingine, au mwenzake aangalie pia. Kisha majibu yaandikwe, yasainiwe, yapakiwe, yarudi Tanga.

Nilipomsimulia dada haya alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe sasa hivi kipo kwenye trei." Nikasema ndiyo. "Hakifanywi chochote?" Hakifanywi chochote. Mabega yake yalishuka. Katika kichwa chake kulikuwa na watu wa koti jeupe waliokizunguka kinyama chake usiku na mchana, wakitikisa vichwa. Kila siku iliyopita bila simu aliihesabu kama siku ya wao kuendelea kutikisa vichwa.

Anayesubiri majibu huugeuza ukimya kuwa habari. Majibu yakichelewa, husema yamechelewa kwa sababu ni mabaya. Yakiwahi, husema yamewahi kwa sababu hali ni ya dharura. Muuguzi akimtazama machoni anamhurumia, asipomtazama anamficha. Lakini aliyeujua mwendo wa kopo huona kwamba kuchelewa kunaweza kuletwa na basi, na nta iliyoisha, na umeme, na daktari aliye likizo, na trei iliyotangulia. Ni kweli kwamba mara nyingine kuchelewa huletwa na rangi za ziada, na kweli kinyama chenye saratani ya titi huongezewa vipimo ili ijulikane ni dawa zipi zitaifaa. Lakini kinyama kisicho na saratani pia huombewa rangi za ziada, hasa daktari anapotaka kuwa na uhakika kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo nje ya mlango wa maabara hakuna awezaye kusoma jibu kwenye kalenda. Dada aliniomba nimwandikie sentensi hiyo, akaibandika kwenye kioo cha kabati.

Kuna jaribio moja nililisoma baadaye, likanieleza kwa nini hofu ya kutojua ni kali kuliko hofu ya jambo lenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha kazi waliyoifanya na watu 45. Watu hao walicheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe, na chini ya baadhi ya mawe palikuwa na nyoka. Kila nyoka aliyeonekana, mchezaji alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi yenye kuuma. Watafiti walipima jasho na mboni za macho. Mtu aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa shoti alikuwa na wahaka mdogo kuliko mtu ambaye uwezekano wake ulikuwa nusu kwa nusu. Mwili unapojua mabaya yanakuja, hujipanga. Usipojua, hubaki umesimama kama askari wa lindo asiyepokewa zamu.

Ndiyo maana akili ya anayesubiri hukimbilia mabaya. Nadhani tunawaonea watu hawa tunapowaambia wana imani ndogo. Akili inatafuta pa kusimama, na msiba ulio wazi unasimamika kuliko ukungu. Dada aliniambia kwamba akishawaza mazishi yake mpaka mwisho, mpaka nani atapika na nani atamlea mtoto, hupata utulivu wa dakika chache. Kisha wazo huanza upya, kwa kuwa halikutatua chochote.

Mtafiti aliyeitazama hali hii kwa miaka mingi ni Keti Suwini wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Rivasaidi. Aliwafuatilia wahitimu wa sheria wanaosubiri majibu ya mtihani wa uwakili, ambayo huko huchukua miezi minne. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, aliwachunguza wahitimu 230 na kuorodhesha mbinu wanazotumia kupunguza wasiwasi: kujipa moyo, kujisahaulisha, kutafuta heri iliyomo katika shari, kujiandaa kwa mabaya. Kwa jumla mbinu hizo hazikuwapunguzia dhiki. Nilipolisoma hilo nilifarijika kwa namna ya ajabu. Dada hakuwa anashindwa kitu ambacho wengine wanakiweza.

Jambo la pili kutoka utafiti wa aina hiyo naona kila anayesubiri angepaswa kuambiwa mapema. Matumaini ya watu hushuka kadiri siku ya majibu inavyokaribia. Yule aliyekuwa mtulivu wiki ya kwanza, siku mbili kabla ya majibu huanza kuamini kwamba ni mabaya. Sisi watu wa pwani tuna neno la hali hiyo: machale yanamcheza. Siku ya kumi na mbili dada aliniita jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba machale yamemcheza, anajua. Nilikuwa nimeshasoma, nikamwambia kwamba hata wahitimu waliofaulu mtihani machale yaliwacheza hivyo hivyo juma la mwisho. Hofu ile hupanda kwa sababu tarehe imekaribia, nayo haijui kilichoandikwa kwenye karatasi.

Na saa zenyewe zinapitaje? Maana ukishajua kopo liko wapi, bado kuna jioni ndefu na usiku mrefu zaidi.

Dada yangu ni fundi cherehani, na sote tulidhani kazi itamsaidia. Haikumsaidia. Alishona sare za shule siku nzima huku akili iko mochwari, kwa sababu mikono yake inazijua sare zile kiasi kwamba haimhitaji tena. Siku ya nne alitoa kabatini kofia ya viua aliyoianza miaka miwili nyuma na kuiacha. Kofia ile hushonwa kwa mkono. Kitambaa hutobolewa vitundu vidogo kwa mamia, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kifuate ua lililochorwa. Ukipoteza hesabu ya vitundu, ua linapinda na safu nzima inafumuliwa. Aliketi barazani saa tisa alasiri, na alipoinua kichwa ilikuwa magharibi. Hakuwa amewaza chochote kwa muda wa saa tatu.

Wanasaikolojia huita hali hiyo mtiririko, na miongoni mwa mambo machache ambayo Suwini na wenzake waliyaona yakiwasaidia watu wanaosubiri, hilo limo. Lakini lina masharti. Kazi iwe ngumu kidogo kuliko uzoefu wako, isiwe ngumu mpaka ikukatishe tamaa, na ikuoneshe papo hapo kama umepatia au umekosea. Wasiwasi ni maneno tunayojisemesha kichwani, nayo hutumia nafasi ile ile inayotumika kuhesabu na kupanga. Kutazama tamthilia hakuijazi nafasi hiyo, kufagia uwanja hakuijazi. Kusuka ukili wenye mapambo huijaza, kama vile kujifunza sura mpya kwa moyo, kupiga bao na mtu anayekuzidi kidogo, au kupika pilau ya watu hamsini kwa mara ya kwanza. Mtu achague chake kabla ya siku ya kipimo, kwa kuwa ukishaanza kuogopa hutakuwa na nguvu za kuchagua.

Saa nyingine haziwezi kujazwa, na hofu itakuja tu. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Tomasi Bokovek, na wenzake waliandika juu ya njia inayosikika kama mzaha lakini si mzaha: ipe hofu miadi. Chagua mahali pamoja na nusu saa moja ya kila siku, upaogopee hapo. Wazo likija wakati mwingine, usibishane nalo wala usilifukuze, liambie saa yake bado. Dada alichagua saa kumi na moja jioni, kwenye benchi la uani, baada ya swala ya alasiri. Alikuwa na daftari. Wazo likimjia saa nne asubuhi aliliandika kwa mstari mmoja, "nani atalipa ada", akarudi kwenye kazi. Jioni aliifungua orodha. Aliniambia kwamba mawazo sita kati ya kumi yalikuwa yamepoa yakifika benchini, na yale manne yaliyobaki yaligeuka kuwa maswali ya kuuliza. Alitaka kujua kama bima inalipia upasuaji, na kama shemeji anaweza kupata ruhusa kazini. Benchi lisiwe karibu na kitanda, na nusu saa isiwe ya mwisho kabla ya kulala.

Usiku ni habari nyingine. Saa nane usiku kila jambo ni kubwa kuliko lilivyo. Tulikubaliana jambo moja: ukikaa macho zaidi ya muda wa kuchemsha chai, inuka. Kaa kwenye kiti, taa ndogo, andika kwenye daftari la benchi, ukunje nguo zilizoanuliwa, usingizi ukija urudi. Wakati mwingine alisali rakaa mbili, na nilimsikia akinong'ona peke yake gizani. Simu ililala sebuleni. Mtandao una elimu, lakini haumjui anayeuliza. Ukiandika "uvimbe kwenye titi" unaletewa kurasa zinazosomwa na wengi, na watu husoma sana habari za msiba. Ukurasa ule haujui kwamba anayeuliza ana miaka 36, kwamba uvimbe wake ni laini, una ukingo uliokamilika na unateleza chini ya kidole. Mambo hayo matatu hayatoi jibu, lakini daktari huyapa uzito, na uvimbe mwingi wa titi kwa wanawake wenye umri mdogo si saratani.

Kuhusu ndugu nitasema kwa kifupi, kwa sababu bado najuta. Nilimwambia shangazi. Kesho yake alifika na kapu la machungwa, akakaa, akatukumbusha kwamba marehemu bibi naye alianza hivi hivi. Shangazi anatupenda, na alisema kwa mapenzi. Baada ya hapo dada akaamua kwamba mpaka majibu yatoke, wanaojua ni mimi na shemeji tu, na mimi ndiye nitakayejibu simu za wengine. Kama kuna saratani ya titi au ya vifuko vya mayai katika ukoo, anayepaswa kuambiwa ni daktari, naye aliulizwa hilo tangu siku ya kwanza.

Siku ya kumi na nne tulikwenda hospitalini. Dirishani tukaambiwa, "Bado." Siku ya kumi na sita, "Bado." Hakuna aliyeinua kichwa. Dada alitaka kurudi nyumbani akasubiri kuitwa. Hapa nilikataa. Kusubiri kwa utulivu ni mpaka tarehe waliyokupa, na ikishapita ni wajibu wako kufuatilia, kwa sababu karatasi hupotea kweli, na mgonjwa asiyeitwa hudhani kimya maana yake ni salama. Nilikuwa nimenakili namba iliyoandikwa kwenye kopo. Nikaomba simu ya maabara ya Dar, nikaitaja namba ile, na msichana mwenye sauti ya upole akaangalia kwenye leja: limesomwa jana, linachapwa, litasainiwa Jumatatu. Dakika tatu tu. Bila namba angenitafutia jina, na majina kama ya dada yangu pwani yako mengi.

Nilimuuliza daktari baadaye kama siku hizi za ziada zingeweza kumdhuru. Alisema kwamba saratani ya titi kwa kawaida hukua kwa miezi, na wiki mbili tatu za kusubiri kinyama hazibadilishi matibabu, ila miezi hubadilisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kizuri cha kushika: tangu mwanamke anapofika kwa mara ya kwanza na dalili mpaka ajue ana nini, zisipite siku 60. Nikahesabu. Tulikuwa siku ya 23 tangu alipofika kliniki mara ya kwanza. Namba hiyo ilimtuliza dada, kwa kuwa sasa alijua wakati gani ana haki ya kupiga kelele.

Jumanne, siku ya kumi na tisa, tukaingia kwa daktari. Katika siku zote zile dada alikuwa amewaza milango miwili, ama saratani ama si saratani. Daktari alisoma karatasi mara mbili akasema: "Hapa wameona mafuta na tishu ya kawaida ya titi. Hakuna saratani." Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kwa furaha. Yeye akainua mkono. "Ngojeni. Tishu ya kawaida haitengenezi uvimbe ninaoushika hapa."

Hilo sikulijua, na nadhani wengi hatulijui. Katika titi, majibu matatu lazima yakubaliane: mkono wa daktari, picha na kinyama. Mkono ukisema kuna uvimbe, picha ikisema kuna uvimbe, halafu kinyama kikasema hakuna kitu, basi inayoelekea zaidi ni kwamba sindano ilikosa. Uvimbe unaoteleza huikwepa sindano, hasa inapoelekezwa kwa kupapasa tu. Karatasi nzuri isiyoeleza uvimbe si jibu la mwisho, na ukiona bado unaushika ilhali umeambiwa uko sawa, uliza swali hilo hilo. Kurudia kipimo hakumaanishi kwamba kuna kibaya kimeonekana. Kwa dada kulimaanisha kwamba hakuna kilichoonekana.

Kinyama cha pili kilichukuliwa Alhamisi ile kwa kuongozwa na altrasaundi. Safari hii nilitazama kwenye kioo, sindano ikionekana kama mstari mweupe ukiingia katikati ya duara jeusi. Dada aliinuka, akafunga kanga, na kabla hajaruhusiwa kuondoka alitoa daftari. Aliuliza kopo linakwenda maabara gani na linaondoka siku gani. Akanakili namba. Akauliza majibu yatatolewa na nani, na daktari huyo asipokuwepo ni nani, tarehe ipi akiipita apige simu, na simu ya nani. Akauliza pia dalili gani zimrudishe mapema, akaambiwa vilio vya damu chini ya ngozi ni kawaida na huisha kwa wiki moja au mbili, lakini homa, usaha, au uvimbe unaojaa haraka visisubiri. Muuguzi alijibu yote, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kwa utaratibu ule.

Siku kumi na moja zilizofuata hazikuwa tamu. Siku ya nane alikataa kula, akalala mchana kutwa, na kofia haikuguswa. Tulikubaliana kwamba akipitisha siku tatu bila kula wala kulala, au akiona kifo ni nafuu, tunarudi hospitalini kwa ajili ya hilo peke yake, bila kungoja karatasi, kwa maana hiyo ni hali inayotibika. Kesho yake aliamka akaomba uji wa pilipili manga. Benchi la uani liliendelea na miadi yake. Mara moja nilimwona anaangalia saa, imefika kumi na moja, akafungua daftari, akakuta hana la kuandika, akakaa tu nusu saa nzima akiwatazama kuku.

Majibu yalisema faibroadenoma, uvimbe wa tishu ya titi usio saratani, wa kawaida sana kwa wanawake wa umri wake na walio wadogo zaidi. Mkono, picha na kinyama vilikubaliana. Ataangaliwa tena kwa altrasaundi baada ya miezi sita, na ukikua utatolewa.

Tulipotoka, kwenye benchi la korido alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, na binti yake pembeni. Mama alikuwa ameshika mkononi kopo dogo la plastiki lenye maji maangavu, ameambiwa alipeleke mwenyewe dirishani, naye amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Dada alipita, akasimama, akarudi. Alichana ukurasa wa maswali kutoka kwenye daftari, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama," akasema. "Kabla hujalitoa hilo, mwambie binti aandike namba iliyo ubavuni."